Somo: Ujumbe wa kwanza LinkedIn kwa mtu unayetaka awe mteja

Karakana yangu iko Unga Limited, hapa Arusha, na kazi yangu ni kukarabati mahema ya kampuni za utalii. Nilipoanza kutafuta wateja LinkedIn niliandika ujumbe mmoja na kuutuma kwa mameneja wa shughuli wapatao thelathini bila kubadilisha neno:

"Habari. Sisi ni wataalamu wa kukarabati mahema kwa bei nafuu na ubora wa hali ya juu. Tunaomba nafasi ya kuwasilisha huduma zetu. Tupigie leo upate punguzo."

Wawili walikubali ombi na hakuna aliyejibu. Mmoja wa niliowaandikia alikuwa wa kampuni inayopandisha wageni Kilimanjaro kwa njia ya Marangu peke yake, ambako wageni hulala kwenye vibanda, si kwenye mahema. Dakika mbili za kusoma tangazo lao zingenionyesha hilo. Somo hili linahusu ujumbe mfupi unaoambatana na ombi la kuunganishwa, kwa sababu hapo ndipo wengi tunapoharibu.

Hatua ya kwanza: tafuta jambo moja ambalo ni lake peke yake

Fungua wasifu wake, kisha ukurasa wa kampuni, ukitafuta kitu kinachogusana na kazi yako. Cheo chake na miaka aliyokaa kazini havitoshi, kwa kuwa kila muuzaji huvitaja. Meneja niliyetaka kumwandikia safari iliyofuata alikuwa ameweka picha ya kambi ya Shira, mahema yakiwa wazi asubuhi, na ukiikuza picha uliona mlango wa hema moja umefungwa kwa kamba badala ya zipu. Kamba ile iliniambia kwamba wana mahema, wanayapeleka mlimani na zipu zinawasumbua. Sikuitaja katika ujumbe, maana hakuna anayependa mgeni aanze mazungumzo kwa kumwonyesha kasoro yake, lakini ndiyo iliyonipa swali la kuuliza.

Ukikosa kitu cha namna hiyo, usiandike kwanza. Mara nyingi utakuwa umemchagua mtu asiyehusika, na katika kampuni nyingi mtunza vifaa ndiye anayejua hali ya mahema kuliko mkurugenzi.

Hatua ya pili: andika ndani ya herufi 200

Akaunti ya bure hukupa herufi 200 kwa ujumbe wa ombi, nafasi na alama zikihesabiwa, na hukuruhusu kutuma maombi machache tu yenye ujumbe kwa mwezi. Kwa hiyo salamu iwe fupi. "Shikamoo" ni nzuri ukimfahamu mtu, lakini kwa picha huwezi kuwa na hakika ya umri, na "Habari za kazi" haimkosei adabu yeyote. Hivi ndivyo nilivyomwandikia:

"Habari za kazi kaka. Nimeona picha ya mahema yenu pale Shira. Mimi ni fundi wa mahema, Unga Limited. Kwenu zipu huanza kufa meno au kichwa? Nauliza kwa sababu vumbi la huko hula vichwa."

Hizo ni herufi 185. Tazama kwamba kazi yangu nimeitaja waziwazi, ila sikusema ninaifanya vizuri kiasi gani, wala sikuomba kukutana naye. Swali lenyewe ni la mtu anayeijua kazi, linajibika kwa neno moja, na kulijibu hakumfungi kununua chochote. Ukitaka kupima swali lako, jiulize kama mhusika anaweza kulijibu akiwa amesimama getini anasubiri gari. "Je, mna changamoto gani katika vifaa vyenu?" halipiti kipimo hicho, kwa kuwa linamtaka akae chini afikiri kwa niaba yako, na kila mtu anajua linaelekea wapi.

Hatua ya tatu: kutuma

Bonyeza `Connect` ukiwa ndani ya wasifu wake, kisha `Add a note`. Ukibonyeza kwenye orodha ya watu unaopendekezewa, ombi huondoka tupu, na ukiliondoa huenda ukangoja hadi wiki tatu kabla ya kumtumia tena.

Hatua ya nne: akijibu, usikimbilie bei

Hapa ndipo penye mtihani. Meneja yule alijibu, "Kichwa. Tunabadilisha zipu nzima kila mara." Mkono uliniwasha kumtumia orodha ya bei. Badala yake nilimweleza kwamba ikiwa zipu inafunga kisha inaachia nyuma ya kichwa, mtunza vifaa akibane kichwa hicho taratibu kwa plaizi, pande zote mbili. Meno yakianza kushika, hata kwa muda mfupi, basi yako salama na kilichochakaa ni kichwa tu, hivyo hakuna haja ya kufumua zipu nzima. Nilimaliza hapo, bila "karibu ofisini".

Maelezo hayo yalininyima kazi ya zipu kadhaa, nakiri. Siku kumi na mbili baadaye aliniuliza kama ninaweza kutazama mahema sita ambayo plaizi haikuyasaidia, na bei tulizungumza siku hiyo, kwa kuwa aliiuliza mwenyewe.

Maswali ya wanachama

Swali, kutoka Moshi: Fundi, habari. Je, kuuliza kuhusu zipu huku ukitaka kazi si kumzunguka mtu?

Jibu: Kungekuwa kumzunguka kama ningejifanya mtalii au mwanafunzi wa utafiti. Nimesema mimi ni fundi wa mahema, naye anaelewa fundi anaishi kwa nini. Nilichoahirisha ni ombi, na swali nililouliza nilitaka jibu lake kweli, kwa sababu linaniambia ninunue vichwa au zipu nzima.

Swali, kutoka Njiro: Niandike Kiswahili au Kiingereza? Wengi wameandika wasifu kwa Kiingereza.

Jibu: Dada, usiangalie wasifu, kwa kuwa huo umeandikwa kwa ajili ya mawakala wa nje. Angalia anavyojibu maoni ya wenzake chini ya picha. Akiwajibu kwa Kiswahili, mwandikie Kiswahili. Usipoona dalili yoyote, fuata lugha ya wasifu.

Swali, kutoka Usa River: Amekubali ombi, amenyamaza wiki mbili. Nimkumbushe?

Jibu: Mara moja tu, na uje na jambo jipya. "Nakumbushia ujumbe wangu" humwambia kwamba anadaiwa. Angalia pia mwezi: Julai hadi Septemba watu wa shughuli wako kwenye viwanja vya ndege na mageti ya hifadhi, na ukimya wao hauna maana yoyote. Masika, Aprili na Mei, ndipo mahema hushushwa na kukaguliwa, nami huanza kuandika Machi mwishoni.

Swali, kutoka Moshi: Alinijibu "nitumie bei" papo hapo. Si ndiyo mafanikio?

Jibu: Inategemea, kaka. Mara nyingi ni njia ya upole ya kukufunga mdomo. Mjibu kwa sentensi mbili: bei ya kazi moja unayoijua, kisha uliza ana mahema mangapi na ni ya aina gani. Anayehitaji atakupa idadi. Asiyehitaji hatarudi, na utakuwa hujapoteza jioni nzima kuandaa orodha.