SOMO: Paka amesusa chakula siku ya pili? Usingoje njaa imfundishe

Wiki hii nimeulizwa mara tatu swali moja, kwa hiyo naliandika hapa mara moja. Paka mnene, mzima jana, leo hataki kula. Mwenye paka anasema, "Atakula akiona njaa." Kwa mbwa maneno hayo mara nyingi yanapita. Kwa paka, na hasa aliyenenepa, ndiyo yanayomfikisha kwangu akiwa wa manjano.

Mwili wa paka usipopata chakula huanza kuvuta mafuta ya chini ya ngozi na kuyapeleka kwenye ini. Ini linatakiwa kuyachoma mengine, na mengine kuyafungasha yasafirishwe kwenda sehemu nyingine za mwili, na kufungasha huko kunahitaji protini. Paka asiyekula hana protini inayoingia. Fikiria Mwaloni pale Kirumba mitumbwi inashusha samaki alfajiri yote, lakini hakuna barafu wala magari ya kubeba. Samaki wanarundikana mpaka njia inaziba. Ndivyo mafuta yanavyojaa ndani ya chembe za ini, linavimba, nyongo inashindwa kupita, na paka anageuka manjano. Ubaya wake ni kwamba ini likishafika hapo linamletea kichefuchefu, kwa hiyo hata ile njaa mnayoisubiri haiji. Huwa inachukua siku 2 hadi 7 tu za kutokula.

Hatua ya 1: Hakikisha kweli hali. Nyumba yenye watu watano kila mmoja anadhani mwenzake amemlisha. Na wengine wanakula kwa jirani. Mfungie chumba kimoja, bakuli moja, maji na mchanga wa kujisaidia, kwa saa 24. Pima chakula unapoweka na unapotoa. Kulamba mchuzi si kula.

Hatua ya 2: Mpime uzito. Mtie kwenye kikapu, ning'iniza kwenye mizani ya muuza samaki, kisha toa uzito wa kikapu. Andika.

Hatua ya 3: Mtazame kwenye mwanga wa jua. Si chini ya taa, taa inadanganya. Inua mdomo wa juu uone fizi. Kama fizi zake ni nyeusi kwa asili, tazama kaakaa, ndani ya sikio na weupe wa jicho. Rangi ya manjano maana yake mmechelewa tayari, kwa hiyo ni leo, si kesho. Dalili nyingine ni kudondosha mate, kutapika, mgongo kukonda huku tumbo likibaki na mafuta, na kichwa kuning'inia kama shingo imechoka.

Hatua ya 4: Mjaribu kwa chakula mara mbili, basi. Sangara aliyechemshwa bila chumvi wala kitunguu (kitunguu ni sumu kwa paka), miba imetolewa, akiwa vuguvugu ili anukie. Akigeuza uso, akilamba midomo na kumeza mate, huyo ana kichefuchefu. Ondoa bakuli. Usimshike ukamsukumia uji kwa bomba la sindano: unaweza kuingia mapafuni, na paka anayelazimishwa huchukia chakula hicho kwa muda mrefu hata akipona.

Hatua ya 5: Ikifika saa 24 bila kula kitu, piga simu. Ikifika 48, mpeleke. Paka mnene anayekula chini ya nusu ya kawaida yake kwa siku kadhaa naye mpeleke.

Sasa niwaeleze kisa cha Bonge, kwa sababu tiba yake ndiyo watu hawaiamini. Bonge ni paka dume wa Nyakato, alikuwa na kilo 6.4 alipochanjwa. Wenyewe walihama nyumba, akaingia chini ya kitanda na kususa. Siku ya nne akapelekwa mahali akatundikiwa dripu ya maji ya sukari, akarudishwa nyumbani. Sukari ile haina protini, na kwenye ini la namna hii inaweza kuongeza mafuta badala ya kuyapunguza. Siku ya tisa akaja kwangu: kilo 5.0, masikio kwa ndani kama yamepakwa bizari.

Dawa ya ugonjwa huu ni chakula. Sindano zilikuwa za kumsaidia kukipokea: maji yenye potasiamu, dawa ya kichefuchefu, vitamini B12, na vitamini K kwanza kabla ya kumgusa kwa kisu, maana ini lililolemewa linashindwa kugandisha damu vizuri. Siku mbili alilishwa chakula chepesi kwa mrija mwembamba wa puani. Alipopata nguvu tukampa usingizi na kumwekea mrija wa shingoni unaoingia kwenye umio.

Hesabu yake ilikuwa hivi: kilo 5 mara 30, jumlisha 70, unapata kilokalori 220 kwa siku. Chakula cha kopo cha paka, kikisagwa na maji na kuchujwa, kilitupa kama kilokalori 1 kwa kila mililita. Lakini hatukuanza na 220. Siku ya kwanza alipata robo, mililita 55, kwa milo mitano ya mililita 11. Tulipanda taratibu tukafika 220 siku ya nne, yaani mililita 44 kila mlo. Ukimjaza ghafla paka aliyefunga siku tisa, potasiamu na fosfeti ya damu hushuka, na chembe nyekundu zinaweza kupasuka. Ndiyo maana tulikuwa tunampima damu siku hizo za mwanzo.

Nyumbani mama mwenye paka alimlisha wiki tano, akisafisha mrija kwa maji ya vuguvugu kabla na baada ya kila mlo. Siku moja alisahau, mrija ukaziba, nusu siku ikapotea. Wiki ya tatu masikio yakaanza kurudi waridi. Mrija tuliutoa baada ya kula mwenyewe zaidi ya wiki nzima bila uzito kushuka.

Kwa Bonge chanzo kilikuwa kuhama tu. Wengi wana ugonjwa mwingine nyuma yake, wa kongosho, utumbo, meno au mwiba uliokwama, na usipotafutwa chakula peke yake hakitoshi.

MASWALI

Mwanachama, Nyegezi: Shikamoo daktari. Wangu anakula dagaa sita hivi kwa siku, ila maji anakunywa vizuri. Siku ya tano leo.

Marahaba. Maji hayana protini, na dagaa sita ni tone. Mhesabu kama asiyekula. Mlete leo.

Mwanachama, Igoma: Nilimpa robo ya panadoli nikidhani ana homa.

Paracetamoli inaua paka, hata kipande. Usimalize kusoma hapa, mpeleke sasa hivi na pakiti mkononi. Fizi zikiwa za kahawia au uso umevimba, waambie mlangoni.

Mwanachama, Buzuruga: Mtoto wa paka wa miezi miwili hajala tangu jana asubuhi. Naye ini?

Kwake hatari ya kwanza ni sukari ya damu kushuka, na hiyo haingoji siku mbili. Mweke kwenye joto, umpeleke asubuhi hii.

Mwanachama, Ukerewe: Huku hakuna wa kuweka mrija. Nifanye nini?

Mwone ofisa mifugo wa hapo, anaweza kumpa maji na dawa ya kichefuchefu, na wengine wakipata nafuu hiyo mapema hula wenyewe. Lakini asipokula mpaka jioni, panda naye kivuko cha kesho kutoka Nansio. Mfunike kikapu kwa khanga, asipigwe na upepo wa ziwa.

Mwanachama, Pasiansi: Basi huyu wangu wa kilo 7 nisimpunguze?

Mpunguze, ila polepole: kama asilimia 1 ya uzito kwa wiki, kwake ni gramu 70. Na siku akiliacha bakuli jipya la chakula cha kupunguzia, mrudishie cha zamani siku hiyo hiyo.