Kumbukumbu za bodi kwa Kiswahili: nani, nini, lini

Huku Nakuru natafsiri sana kumbukumbu za vyama vya ushirika vya wafugaji. Katibu huziandika kwa Kiingereza kwa ajili ya mkaguzi wa hesabu na benki, kisha wanachama wa Njoro na Molo wanazitaka kwa Kiswahili. Maelezo ya mjadala yakilegea kidogo, hakuna anayeumia. Azimio likilegea, tangi halitengenezwi na maziwa yanamwagwa.

Tuchukue mfano mmoja. Bodi imekutana Jumanne, tarehe 4 Machi 2025. Kwa Kiingereza, katibu ameandika kwamba imekubaliwa tangi la kupozea maziwa litengenezwe, na meneja atoe ripoti kufikia Ijumaa ijayo. Tafsiri ya haraka ingekuwa hivi: "Ilikubaliwa kwamba tangi lishughulikiwe na ripoti itolewe kabla ya Ijumaa ijayo." Inasomeka vizuri, na ndiyo hatari yake.

Hatua ya 1: Soma na kalamu, usitafsiri bado. Zungushia kila kitenzi kinachoeleza bodi ilifanya nini, kisha kipe neno moja la Kiswahili utakalolishikilia hadi ukurasa wa mwisho. Bodi ikisikiliza tu, mimi huandika "ilipokea taarifa". Ikiruhusu pesa zitoke, "iliidhinisha". Ikitoa uamuzi, "iliazimia". Ikisogeza jambo mbele, "iliahirisha". "Ilipendekeza" naiweka kwa ushauri unaopelekwa kwenye mkutano mkuu peke yake, kwa hiyo aliyeanzisha hoja simwandiki kwamba alipendekeza: "hoja ilitolewa na fulani, ikaungwa mkono na fulani." "Ilikubaliwa" siigusi. Msomaji hajui kama watu waliafikiana tu kwa maneno au bodi imetoa agizo.

Hatua ya 2: Mtaje mwenye kazi kwa cheo, kila mara. Hapa Kiswahili chenyewe kinatutega. Kiingereza hutofautisha mwanamume na mwanamke; kiambishi chetu "a-" hakitofautishi. Niliwahi kuandika, "Mwenyekiti alimweleza Mweka Hazina kwamba apeleke hati benki." Mwenyekiti alikuwa mwanamume, Mweka Hazina mwanamke, na kwa Kiingereza ilikuwa wazi kuwa mwenye kazi ni mama yule. Kwa Kiswahili changu kila mmoja alielewa ni mwenzake. Hati zilikaa kabatini wiki tatu. Siku hizi narudia cheo hata sentensi ikichosha: "Mweka Hazina apeleke hati benki." Angalia pia mwisho wa kitenzi. "Atapeleka" ni habari au ahadi. "Apeleke", baada ya "Bodi iliazimia kwamba", ni agizo.

Hatua ya 3: Tarehe kamili. "Kabla ya tarehe 14" maana yake tarehe 14 umechelewa. Ikiwa Kiingereza kinaihesabu siku yenyewe, andika "kufikia tarehe 14" au, bora zaidi, "si baada ya tarehe 14". "Ijumaa ijayo" iliyosemwa Jumanne ni tarehe 7 kwa mmoja na tarehe 14 kwa mwingine, kwa hiyo uliza, kisha andika siku, tarehe, mwezi na mwaka. Saa nazo zigeuze: saa inayosoma 9:00 asubuhi kwa Kiingereza ni saa tatu. Ukiandika "saa 9" bila kutaja wakati wa siku, kuna atakayefika alasiri.

Hatua ya 4: Pengo usilizibe mwenyewe. Sentensi yetu haisemi nani atatengeneza tangi. Nampigia katibu. Kumbukumbu zikiwa bado rasimu, anarekebisha Kiingereza kwanza, nami nafuata. Zikiwa zimeshathibitishwa na kutiwa sahihi, marekebisho yanasubiri mkutano unaofuata. Kwenye tafsiri naandika kwa mabano ya mraba: [mtekelezaji hakutajwa]. Inaudhi kuisoma, lakini ndiyo hali halisi.

Katibu wetu alikuwa bado na rasimu, na baada ya marekebisho yake tafsiri ikawa hivi:

"Bodi iliazimia kwamba Meneja ahakikishe tangi la kupozea maziwa limetengenezwa, na atoe ripoti ya maandishi kwa Bodi.
Mtekelezaji: Meneja.
Mwisho: Ijumaa, 14 Machi 2025."

Nambari ya kipengele iache kama ilivyo kwenye Kiingereza, ili mtu aweze kulinganisha nakala mbili.

Hatua ya 5: Mpe mtu ambaye hakuwa mkutanoni. Asome maazimio tu, kisha akueleze kwa mdomo nani anafanya nini na lini, bila wewe kumsaidia. Akisita mahali, hapo ndipo pa kurekebisha. Hii ya tangi nilimpa karani wa kupokea maziwa. Tarehe aliitaja bila wasiwasi, kisha akaniuliza, "Meneja yupi, wa kituo au wa chama?" Nikampigia katibu tena.