Bajeti ya Mwaka ya Makao ya Watoto Pale Misaada Inapokuja kwa Misimu

Katika miaka niliyoandaa bajeti za makao ya watoto, nimeona bajeti iliyolingana kabisa kwenye jumla ya mwaka ikikwama mwezi wa tano, kwa sababu ada za shule hudaiwa kwa tarehe zake na wahisani hutoa kwa misimu yao. Kwa hiyo anza na jedwali la miezi 12, jumla ije baadaye.

Hatua ya kwanza, andika matumizi ya kila mwezi. Chakula kadiria kwa idadi ya watoto, ukiongeza miezi ya likizo wanaposhinda makaoni na kula mlo wa mchana hapo. Kwa walezi, hesabu zamu kwanza: nafasi moja inayohitaji mtu usiku na mchana ina saa 168 kwa wiki, na mlezi anayefanya kazi saa 48 anajaza chini ya theluthi yake, hivyo unahitaji walezi wanne, si wawili. Fedha za matibabu ya dharura zitengwe peke yake, zisiguswe hata ada ikipungua.

Hatua ya pili, weka ada kwenye mwezi inapolipwa. Tuseme chakula, mishahara na matibabu huchukua vipimo 20 kila mwezi, na ada ni 30 katika mwezi wa 1, wa 5 na wa 9. Jumla ni 330.

Hatua ya tatu, weka mapato. Wahisani wa kudumu wanatoa 15 kila mwezi, msimu mmoja wa sikukuu unaleta 40 mwezi wa 4, na mwingine 110 mwezi wa 12. Jumla ni 330 pia. Kwa misaada ya msimu, tazama miaka mitatu iliyopita na utumie kiwango cha chini kabisa, kwa maana wastani hukuahidi fedha ambazo mwaka mbaya hauna.

Hatua ya nne ndiyo ninayoisisitiza kuliko zote: beba salio la kila mwezi hadi unaofuata. Ukianza na sifuri, mwezi wa 1 unaishia na upungufu wa 35, na mwezi wa 11 upungufu umefika 105. Hicho ndicho kiasi kinachotakiwa kuwapo benki mwaka unapoanza. Mwezi wa 12 wenyewe unakula 5 tu kati ya zile 110, na 105 zote zilizobaki ni chakula na ada za mwaka ujao, ingawa siku hiyo zinaonekana kama ziada ya kununulia vitanda vipya.

Msaada wa vitu usiuingize kama fedha. Magunia ya nafaka yakifika, punguza fungu la chakula kwa kiasi ambacho mngenunua na kitakacholiwa kabla hakijaharibika, na mhisani aliyetaja ada, fedha yake ibaki kwenye ada.