SOMO: Sugu juu ya kidole kilichojikunja, na namna ya kupima kimo cha kiatu

Kila wiki watu wananiletea viatu hapa Kadutu na swali lile lile: "Fundi, nimenunua namba kubwa zaidi, mbona sugu bado inauma?" Nimeandika hapa mara moja. Atakayeuliza tena nitamtuma asome.

Ninazungumzia kidole kilichopinda kama nyundo, mara nyingi cha pili, kile kilicho jirani na kidole gumba. Kiungo cha katikati kinanyanyuka juu, ncha inatazama chini. Kiungo hicho kikisuguana na ngozi ya kiatu, mwili unajenga ngozi ngumu ya kujikinga. Hiyo ndiyo sugu. Haina mzizi. Msuguano ukibaki, hata ukiikwangua leo itarudi.

Hatua ya 1. Pima jioni, maana mguu huvimba kidogo mchana kutwa.

Hatua ya 2. Simama wima na uzito wote miguuni, kisha mtu mwingine apime kwa rula kutoka sakafuni hadi juu ya kile kiungo. Usipime ukiwa umeketi. Ongeza milimita 2 za soksi.

Hatua ya 3. Kata njiti ya kiberiti kwa urefu huo, uondoe kichwa chake. Hiyo ndiyo rula yako ya sokoni, tembea nayo mfukoni.

Hatua ya 4. Ingiza njiti ndani ya kiatu, mahali kiungo kinapokaa, uisimamishe. Ikisimama bila kuinua ngozi, kimo kinatosha. Ikilala upande au ikiisukuma ngozi juu, rudisha kiatu mezani hata kama bei ni tamu. Bonyeza pia kwa dole gumba kutoka nje. Viatu vingi vina kofia ngumu mbele, chini ya ngozi, na ukingo wake ukiangukia juu ya kiungo utakukata kila hatua. Mshono ukipita hapo, ni vile vile.

Hatua ya 5. Usikimbilie namba kubwa. Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo pesa za watu zinapopotelea.

Kwa namba hizi zetu za 38, 39, 40, kila namba inaongeza karibu milimita 7 za urefu. Kimo cha mbele kinaongezeka milimita moja hivi, au chini yake. Sasa wewe unakaa Bukavu. Ukishuka mlima na kiatu kirefu, mguu unateleza mbele mpaka vidole vinakutana na sehemu yenye kimo kidogo kabisa, kule karibu na ncha ya kiatu. Vidole navyo vinajikunja zaidi ili vishike kiatu kisichomoke. Kwa hiyo umelipia namba kubwa na umeongeza kidonda.

Mwalimu mmoja alikuja na mambo hayo hayo. Anashuka kila asubuhi kutoka Kadutu kwenda Nyawera. Alikuwa na 38, akapanda 39, akafika 40, na sugu ikawa mbili: moja juu ya kiungo, nyingine kwenye ncha ya kidole, pale inapogonga soli. Kiungo chake kilikuwa milimita 26, na soksi 28. Ile 40 ndani ilikuwa na 23 tu. Tukarudi kwenye 38 yake ya zamani, ya ngozi na kamba, nayo ilikuwa na 23 hiyo hiyo. Niliondoa soli ya ndani iliyokuwa nene milimita 4, nikaweka ya ngozi nyembamba ya milimita 1. Tukafika 26. Zilizobaki 2 nilizipata kwa kunyoosha ngozi. Kwa kuwa mguu sasa ulikaa chini zaidi na kiatu kikalegea, nilibandika kipande laini chini ya ulimi wa kiatu, ili mguu ubanwe nyuma kwenye kisigino. Bila kipande hicho angeteleza mbele tena, na kazi yote ingekuwa bure.

Hatua ya 6. Kunyoosha. Paka rangi ya mdomo juu ya sugu, vaa kiatu, tembea kidogo, vua. Alama ndani ya kiatu inaonyesha pa kunyoosha. Kordonie anabandika kipande kidogo cha ngozi juu ya kalibu ya mti mahali pale pale, analowesha kiatu kidogo kwa ndani, anakibana, anakiacha kilale usiku. Onyo: usikikaushe karibu na mbabula. Ngozi hukakamaa na kupasuka kwenye mkunjo. Onyo la pili: omba milimita 2 au 3, usiombe 6. Ngozi ina mwisho wake.

Hatua ya 7. Sugu yenyewe: maji ya uvuguvugu dakika 10, jiwe la kusugulia taratibu, mafuta. Wembe hapana.

MASWALI

Kijana wa Panzi: Fundi, ninunue namba gani?

Jibu: Soma hatua ya 5.

Kijana wa Panzi: Nimesoma, ila nataka namba tu.

Jibu: Basi hukusoma. Kata njiti.

Mama Furaha: Duka la dawa waliniuzia plasta ya kuondoa sugu. Niiweke?

Jibu: Mama, nyingi zina asidi inayolainisha ngozi ngumu, lakini haichagui, inachoma na ngozi nzima ya pembeni. Na papa au mama mwenye ugonjwa wa sukari, au mtu ambaye miguu imekufa ganzi, asiiguse kabisa, wala asijikwangue. Kidonda kidogo kwake kinaweza kuoza bila yeye kuhisi. Huyo aende kwa daktari, mimi ni fundi wa viatu.

Dada wa Nguba: Mimi nilinunua kile kimpira cha kuvika kidole. Siku ya kwanza raha, siku ya tatu maumivu yamezidi. Kwa nini?

Jibu: Swali zuri, dada. Kimpira nacho kina unene. Kama kiatu hakina nafasi, umeongeza milimita 2 au 3 juu ya kidole kilichokuwa tayari kimebanwa. Pata kimo kwanza, ndipo uvike. Pima njiti yako ukiwa na kimpira kidoleni.

Dada wa Nguba: Na kidole chenyewe kitanyooka nikivaa kiatu kirefu kwa kimo?

Jibu: Kishike kwa mkono ukinyooshe. Kikikubali, bado ni laini, na nafasi itakisaidia kisizidi kukakamaa. Kikikataa, kiungo kimeshakaza. Hapo kiatu kinaondoa maumivu, hakinyooshi kidole. Kukinyoosha ni kazi ya daktari wa upasuaji.

Papa Chagua: Hapa mezani kwangu nyingi ni sintetiki. Zinanyooka?

Jibu: Kidogo, kisha zinarudi. Usimdanganye mteja, papa.

Papa Chagua: Sijadanganya mtu, nimeuliza tu.

Jibu: Sawa, samahani. Kwenye sintetiki tegemea kuondoa soli ya ndani. Tenga zile ambazo soli inatoka, uziuze kwa wenye shida hii.

Mwanafunzi wa ISP: Sugu yangu iko katikati ya kidole cha nne na cha tano, nyeupe, imelowa.

Jibu: Hiyo ni nyingine. Mifupa inabanana ubavuni, shida yako ni upana. Kausha katikati ya vidole, tafuta kiatu cha ncha ya mviringo.

Mama Furaha: Mimi naachia matundu mawili ya mbele bila kamba, nafunga ya juu tu. Nafuu kabisa.

Jibu: Naam, mama, hiyo ni nzuri. Ngozi ya mbele inapata kuinuka, na kamba za juu zinashika mguu usiteleze. Ndiyo sababu balerina na mokasini siziandiki kwa mtu mwenye kidole hiki: hazina kamba, mbele ni chini, na vidole ndivyo vinavyozishikilia.

Kijana wa Panzi: Njiti nimekata. Milimita 25. Za soksi niongeze?

Jibu: Ongeza 2. Leta kiatu kesho, nitakipima bure.