Kukata picha na klipu juu ya pigo la wimbo bila kuachana nalo njiani

Video ya picha na klipu inayoonyeshwa kwenye sendofu, ile inayochezwa kabla bibi harusi mtarajiwa hajaingia ukumbini, mara nyingi huanza vizuri. Picha tano au sita za mwanzo hubadilika pamoja na ngoma, wageni wakaanza kutikisa vichwa, kisha kufikia nusu dakika picha zinabadilika katikati ya mapigo na hamu ya watazamaji inashuka bila wao kujua sababu. Mwongozo huu unashughulikia tatizo hilo la kuachana na wimbo kidogo kidogo. Ninatumia DaVinci Resolve, lakini hesabu ni ileile kwenye programu yoyote inayokuruhusu kukata kwa fremu.

Hatua ya kwanza: tayarisha mradi na faili la wimbo

Weka `Timeline frame rate` kuwa 25 kabla ya kuingiza chochote kwenye mstari wa muda, kwa sababu Resolve haikuruhusu kubadilisha kipimo hicho baadaye. Nimechagua 25 kwa kuwa umeme wetu ni wa hezi 50 na kamera nyingi za sherehe hapa Dar es Salaam hurekodi kwa kipimo hicho, jambo linalosaidia pia taa za ukumbi zisimetemete kwenye picha.

Wimbo nao uwe ni faili lilelile utakalotumia hadi mwisho. Mteja akikutumia nakala moja kwa WhatsApp leo, kisha kesho akaleta nyingine aliyoitoa kwenye video ya wimbo huohuo, sekunde za ukimya au maneno yaliyo mwanzoni hutofautiana, na kila alama uliyoweka itakuwa imehama. Chukua nakala bora, igeuze kuwa WAV, uiweke kwenye mradi na uufunge mkondo huo wa sauti usisogee.

Hatua ya pili: pima pigo kwa umbali mrefu

Programu nyingi zitakuambia wimbo una mapigo mangapi kwa dakika, na jibu hilo ni zuri kwa kuanzia tu. Wakati mwingine hutoa mara mbili ya idadi halisi au nusu yake, na wakati mwingine huzungusha namba kuwa kamili ilhali wimbo wenyewe hauko hivyo. Ni salama zaidi kupima mwenyewe.

Kuza mawimbi ya sauti hadi uone mahali ngoma nzito inapopiga: wimbi linapanda ghafla kama ukuta, kisha linashuka taratibu. Alama iwekwe mwanzo wa mpando huo, si kwenye kilele chake. Weka alama kwa kubonyeza `M` juu ya pigo la kwanza la mzunguko wa mapigo manne, pale ambapo ngoma zote zinaingia. Kisha hesabu mapigo 64, yaani mizunguko 16, na uweke alama nyingine juu ya pigo linalofuata. Usitegemee kubonyeza `M` wakati wimbo unacheza, kwa kuwa kidole huchelewa au kuwahi. Simamisha wimbo na usogee fremu moja moja kwa mishale.

Chukua mfano wa wimbo wa sendofu ambao alama yake ya kwanza imeangukia fremu ya 82, yaani sekunde 3 na fremu 7, na alama ya pili ikaangukia fremu ya 1082. Umbali ni fremu 1000 kwa mapigo 64, kwa hiyo kila pigo lina fremu 15.625, na mzunguko mmoja una fremu 62.5. Ukigawa 1500 kwa 15.625 utapata mapigo 96 kwa dakika (1500 ni idadi ya fremu zilizo katika dakika moja).

Nusu ile ya fremu ndiyo inayoharibu kazi. Huwezi kukata katikati ya fremu, hivyo mhariri huamua kwamba kila picha ikae fremu 62, anaipa kila picha urefu huo, kisha anazipanga zote mfululizo. Katika kila mzunguko anawahi kwa nusu fremu, na baada ya mizunguko 16 amewahi kwa fremu 8, ambazo ni karibu nusu ya pigo. Hapo ndipo pabaya kuliko pote, kwa sababu picha inabadilika katikati kabisa ya pigo na pigo. Anayechagua fremu 16 kwa kila pigo hupotea haraka zaidi: fremu moja na nusu kwa kila mzunguko, na baada ya mizunguko minane tu amechelewa kwa fremu 12.

Hatua ya tatu: hesabu kila mkato kuanzia alama ya kwanza

Dawa yake ni kutohesabu urefu wa picha, bali mahali pa mkato, na kila mkato uhesabiwe kutoka kwenye alama ya kwanza badala ya mkato uliotangulia. Kwa njia hiyo kosa la kuzungusha namba halilimbikizwi, kwani haliwezi kuzidi fremu moja popote pale. Ninafungua jedwali, naorodhesha namba za mapigo kwenye safu ya A kuanzia 0, na kwenye safu ya pili ninaandika:

```
=INT(82+A2*15.625)
```

Pigo la 4 linatoa 144, la 8 linatoa 207, la 12 linatoa 269, na la 16 linatoa 332. Picha ya kwanza imekaa fremu 62, ya pili 63, ya tatu 62 na ya nne 63, wala hakuna jicho litakalogundua. Kwa saa ya mstari wa muda, ambayo kwenye Resolve huanzia 01:00:00:00, mikato hiyo iko kwenye 01:00:05:19, 01:00:08:07, 01:00:10:19 na 01:00:13:07. Weka alama kwenye nafasi hizo, washa mnato kwa `N`, na kingo za picha zitajishika kwenye alama zenyewe.

Nimetumia `INT`, inayoshusha namba, kwa makusudi. Mkato unaotangulia pigo kwa fremu moja unaonekana kuwa sahihi, lakini unaochelewa kwa kiasi hichohicho huanza kuonekana mzembe. Pendekezo la utangazaji la ITU, BT.1359, linaeleza kwamba mtazamaji hugundua sauti iliyotangulia picha kwa takriban milisekunde 45, ilhali sauti ikichelewa nyuma ya picha humchukua hadi takriban milisekunde 125 kugundua. Fremu moja kwa kipimo chetu ni milisekunde 40, kwa hiyo ukichelewesha picha kwa fremu mbili tayari umeonekana.

Hatua ya nne: amua picha ipi ikae mapigo mangapi

Kupata alama za mapigo yote hakumaanishi ukate kila pigo. Katika wimbo huu mzunguko mmoja ni sekunde mbili na nusu, muda unaotosha picha ya mtu mmoja. Picha ya ukoo mzima iliyopigwa nje ya nyumba inahitaji mizunguko miwili, kwa sababu wageni wataanza kutafutana humo, na shangazi asipojiona atakuuliza wewe, si wimbo. Mikono yenye hina, viatu au pete vinatosha kwa mapigo mawili. Mapigo mojamoja nayaweka akiba kwa mahali wimbo unapopandisha kabla ya kiitikio, tena yasizidi manne kwa mfululizo.

Singeli inahitaji uamuzi mwingine kabisa. Wimbo wa mapigo 240 kwa dakika una fremu sita na robo tu kwa kila pigo, muda ambao hautoshi hata kuutambua uso. Kata kila baada ya mapigo manane, ambayo ni fremu 50, na uache mwendo wa watu ndani ya klipu ubebe ile kasi.

Hatua ya tano: klipu zipangwe kwa kitendo, si kwa ukingo

Picha mnato haina tukio ndani yake, kwa hiyo mkato ndio tukio. Klipu ni tofauti, kwa kuwa jicho hungoja kile kinachotendeka. Tuseme una klipu ya kizibo cha shampeni kikiruka, na unataka kiruke kiitikio kinapoanza, fremu ya 332. Ukiianzisha klipu kwenye fremu ya 332 utakuwa umekata juu ya pigo, lakini kizibo kitaruka baadaye, mahali pasipo na chochote. Rudi nyuma mapigo mawili: jedwali linasema pigo la 14 liko fremu ya 300. Tafuta ndani ya klipu fremu ambayo kizibo kinaachia chupa, hesabu fremu 32 kabla yake, na hapo ndipo klipu ianzie. Mkato umekaa kwenye pigo, na kizibo nacho kimeruka kwenye pigo.

Klipu za watu wanaocheza zina ugumu wake, maana walikuwa wakicheza wimbo mwingine. Ikiwa wimbo ule ulikuwa na mapigo 100 kwa dakika, punguza kasi ya klipu iwe asilimia 96 na nyayo zitatua pamoja na ngoma zako. Mimi sipunguzi wala kuongeza zaidi ya asilimia kumi, kwa sababu zaidi ya hapo mwili huanza kuelea au kudundadunda.

Hatua ya sita: kagua, na usome kosa ni la aina gani

Sikiliza kwa hedifoni za waya. Zisizo na waya huchelewesha sauti, na baadhi ya programu hazifidii ucheleweshaji huo, hivyo utajikuta unasogeza mikato iliyokuwa sahihi. Kompyuta ikikwamakwama, toa kipande cha sekunde kumi na ukitazame nje ya programu kabla ya kuamua lolote.

Kisha linganisha mikato mitatu: wa mwanzoni, wa katikati na wa mwishoni. Kosa likiwa sawa pote, alama yako ya kwanza haiko mahali pake au faili la wimbo limebadilishwa; sogeza wimbo mzima na umemaliza. Kosa likikua kadiri unavyosonga mbele, urefu wa pigo ulipimwa vibaya. Rudia hatua ya pili. Kosa likija na kwenda, mathalani katikati umechelewa lakini mwisho uko sawa, wimbo wenyewe hauna mwendo mmoja. Hili ni la kawaida kwa nyimbo za dansi zilizorekodiwa zamani Radio Tanzania Dar es Salaam, bendi nzima ikipiga pamoja, ambapo mwendo huongezeka kidogo muziki unapochemka. Kwa nyimbo hizo jedwali halifai: weka alama kwa mkono kwenye pigo la kwanza la kila mzunguko, ukitazama mawimbi.

Kosa la mwisho hutokea ukumbini. Sauti hupita kwenye mikisa na kutoka papo hapo, lakini picha hupita kwenye mtambo wa skrini kubwa unaoweza kuichelewesha kwa fremu kadhaa, na kuchelewa ndiko kunakoonekana haraka. Omba fundi wa ukumbi akuchezee sekunde 20 za kiitikio kabla wageni hawajafika, huku umesimama katikati ya viti. Ukiona picha iko nyuma, itumie nakala ya pili uliyoitoa mapema, ambayo wimbo wote umesogezwa mbele kwa fremu mbili bila kugusa mkato hata mmoja.