Gramu ngapi, au pungufu ndiyo/hapana? Kuchagua kati ya rigresheni ya mstari na ya lojistiki

Somo hili linatumia data moja tu, `birthwt`, iliyomo kwenye kifurushi cha `MASS` cha R, ili kila mtu arudie hesabu kwenye mashine yake. Ni rekodi za akina mama 189 waliojifungua mwaka 1986 katika Baystate Medical Center, mjini Springfield, Massachusetts, Marekani. Uzuri wake ni kwamba tokeo lilelile limeandikwa mara mbili: `bwt` ni uzito wa mtoto kwa gramu, na `low` ni 1 uzito ukiwa chini ya gramu 2500, vinginevyo 0. Tunauliza swali moja kwa njia zote mbili: uvutaji sigara wakati wa ujauzito (`smoke`) unahusianaje na uzito wa mtoto?

Hatua ya 1: Tazama safu ya tokeo

Chukua mtu mmoja kwenye data, uone tokeo lake limeandikwaje. Kama ni kipimo chenye kizio, mfano gramu au mmHg, anza na rigresheni ya mstari. Kama ni ndiyo au hapana, ni lojistiki. Usidanganywe na tarakimu: 0 na 1 za `low` ni lebo tu. Na kama unahesabu matukio, mfano mtoto kaugua malaria mara ngapi kwa mwaka, zote mbili hazifai. Tafuta rigresheni ya Poisson.

Ugumu uko pale unapokuwa na kipimo chenyewe na pia kizingiti chake, kama hapa. Ushauri wangu: baki na gramu, isipokuwa kama uamuzi wa kliniki unafuata kizingiti. Ukikata kwenye 2500, mtoto wa gramu 2490 na wa 2510 wanakuwa watu wa makundi mawili, huku wa 1200 na wa 2490 wakihesabiwa sawa. Taarifa uliyoitupa hapo hairudi, na utahitaji watu wengi zaidi kuuona uhusiano uleule.

Hatua ya 2: Mstari

```r
library(MASS)
m1 <- lm(bwt ~ smoke, data = birthwt)
summary(m1)
confint(m1)
```

Namba ya kwanza, `(Intercept)`, ni 3055.7: huo ni wastani wa uzito kwa watoto wa wasiovuta. Koefishenti ya `smoke` ni -283.8. Isome hivi: watoto wa wavutaji walikuwa wepesi kwa wastani wa gramu 284 kuliko watoto wa wasiovuta, na masafa ya uhakika ya asilimia 95 yanaanzia upungufu wa gramu 73 hivi hadi 495. Koefishenti ya mstari daima ina kizio cha tokeo. Ukiandika "-283.8" bila neno gramu, hujaripoti kitu.

Hatua ya 3: Lojistiki

```r
m2 <- glm(low ~ smoke, family = binomial,
          data = birthwt)
summary(m2)
exp(cbind(OR = coef(m2), confint(m2)))
```

Usisahau `family = binomial`. Ukiiacha, R hailalamiki; inakufanyia rigresheni ya mstari kimyakimya na kukupa 0.153 badala ya 0.704. Dalili ni safu ya `t value` kwenye `summary`, mahali ambapo ungetegemea `z value`.

Odi ni idadi ya waliopata tokeo ikigawanywa kwa idadi ya wasiolipata. Hiyo 0.704 ni tofauti ya logi za odi, na hakuna mganga wala mkuu wa idara atakayeielewa hivyo. Ndiyo maana tunaipitisha kwenye `exp()`: inakuwa 2.02, uwiano wa odi, na masafa yake ni takriban 1.08 hadi 3.8. Tuihakikishe kwa mkono. Kati ya wavutaji 74, watoto 30 walikuwa na uzito pungufu na 44 hawakuwa nao: odi ni 30/44, yaani 0.68. Kati ya wasiovuta 115, ni 29 kwa 86: odi ni 0.34. Gawanya ya kwanza kwa ya pili, unapata 2.02.

Hapa ndipo ripoti nyingi zinapoharibika. Mtu anaona 2.02, anaandika "wavutaji wana hatari mara mbili". Si kweli. Hatari ni 30/74, asilimia 40.5, dhidi ya 29/115, asilimia 25.2, uwiano wa hatari ni 1.61 tu. Odi na hatari hukaribiana tokeo likiwa adimu, tuseme chini ya asilimia 10. Katika data hii uzito pungufu ni watoto 59 kati ya 189, asilimia 31, kwa hiyo pengo ni kubwa. Andika "odi ni mara 2.02", au toa asilimia za makundi yote mawili ili msomaji ajionee.

Hatua ya 4: Ongeza kinachovuruga

Kigeu `race`, yaani mbari ya mama, kimeandikwa 1, 2, 3. Kiweke kama `factor(race)`. Usipofanya hivyo R itadhani hatua ya kutoka kundi la 1 hadi la 2 ni sawa na ya kutoka la 2 hadi la 3, na utapata koefishenti moja isiyo na maana. Kukiongeza hapa kunabadilisha picha: katika kundi la 1, wanawake 52 kati ya 96 walivuta, na ndilo kundi lenye watoto wazito zaidi. Uzito huo ulikuwa unaficha sehemu ya uhusiano wa sigara. Ukishalinganisha ndani ya kundi, upungufu unapanda kutoka gramu 284 hadi 429 hivi, na uwiano wa odi kutoka 2.02 hadi 3.05 hivi.

Maswali ya wanachama

Swali: Shikamoo mwalimu. Nimeweka uzito wa mama (`lwt`) kwenye lojistiki, nikapata uwiano wa odi 0.986. Si sawa na 1 hiyo? Nikitoe?

Jibu: Marahaba. Usikitoe. `lwt` iko kwa ratili, kwa hiyo 0.986 ni ya ratili moja tu, tofauti ndogo mno kati ya mama na mama. Zidisha koefishenti, -0.0141, kwa 10 kabla ya `exp()`: unapata 0.87, yaani odi zinapungua kwa asilimia 13 hivi kwa kila ratili 10 za ziada. Usizidishe 0.986 kwa 10. Kuzidisha kunafanyika upande wa logi.

Swali: Habari za kazi. Nimeongeza `bwt` kama kigeu huru kwenye modeli ya `low`, R ikatoa "fitted probabilities numerically 0 or 1 occurred" na makosa sanifu makubwa ajabu. Tatizo ni sampuli ndogo?

Jibu: Nzuri, ndugu. Sampuli haihusiki. `low` imetengenezwa kutokana na `bwt`, kwa hiyo umeiuliza modeli swali ambalo jibu lake umeshaiwekea mezani. Inatenganisha 0 na 1 bila kukosea hata mtoto mmoja, na koefishenti inakimbia bila ukomo. Ondoa `bwt`. Onyo hilohilo ukilipata bila kosa hili, tengeneza jedwali la kila kigeu cha makundi dhidi ya tokeo. Mara nyingi utakuta chumba chenye sifuri.

Swali: Kwenye rejesta ya wodi yetu ya wazazi, gramu 2500 kamili imejirudia kuliko uzito mwingine wowote. Nitumie lojistiki tu?

Jibu: Hapo lojistiki ndiyo inaumia zaidi, dada. Mizani ikisomwa kwa kukadiria, 2430 inaandikwa 2500, na kwa kuwa pungufu ni chini ya 2500, mtoto huyo anahamia upande wa "kawaida". Kwenye mstari kosa lake ni gramu 70. Kwenye lojistiki ni kundi zima. Chora histogramu kwanza, tumia gramu kama tokeo kuu, kisha rudia lojistiki ukiwahesabu wote wa 2500 kuwa pungufu, uone uwiano wa odi unasogea kiasi gani.