Umekosa kikao: andika sentensi sita tu

Wiki iliyopita mchapaji wetu wa kalenda alikuja ofisini saa 4 asubuhi kama tulivyopanga, akanikosa. Barua pepe niliyoanza kumwandikia ilikuwa na aya tatu: foleni ya benki, simu kuisha chaji, mvua. Nilipoirudia niliona namtwisha mtu niliyemsubirisha kazi ya kunihurumia. Nikaifuta, nikaandika hii:

Kichwa: Samahani kwa kikao cha leo saa 4 asubuhi

*Habari za mchana,*
*Naomba radhi kwa kutofika kwenye kikao chetu cha leo saa 4 asubuhi. Nilipitiwa na muda, na najua ulinisubiri. Nimeshaangalia sampuli uliyoiacha mapokezi. Rangi tumeikubali, limebaki suala la unene wa karatasi. Naweza kuja kwako kesho Jumatano saa 3:00 asubuhi (09:00) au Alhamisi saa 8:00 mchana (14:00). Dakika 20 zitatosha.*

Hatua zenyewe:

1. Tuma siku hiyohiyo, ukigundua tu.

2. Sentensi ya kwanza itaje kikao na ikiri kosa. Usiandike "pole kwa usumbufu". Pole hupewa mtu aliyefikwa na jambo. Hapa jambo umemfanyia wewe. "Naomba radhi" ndiyo inayobeba kosa.

3. Sababu iwe maneno machache, na ya kweli. "Nilipitiwa" inatosha. Ukiongeza sababu ya pili, ya kwanza nayo inaanza kutiliwa shaka.

4. Kabla ya kutuma, fanya sehemu ya kazi ya kikao ambayo unaweza kuifanya peke yako. Mimi niliangalia sampuli kwanza, ndiyo maana nikaweza kuomba dakika 20 badala ya saa nzima.

5. Toa nafasi mbili, siku na saa. "Nijulishe ukiwa na nafasi" inamrudishia yeye kazi ya kupanga. Saa ziandike kwa namna zote mbili, kwa sababu kalenda ya kompyuta ikionyesha 09:00 kuna atakayekuja saa 9 alasiri, na mtakosana tena.

Maswali ya wanachama

*Kama nilikuwa na msiba kweli?*
Sema: "Nilipata msiba wa ghafla asubuhi." Inatosha. Akitaka kujua zaidi atauliza mwenyewe, na hapo atakupa pole.

*Kikao kilikuwa cha watu kumi. Niwaandikie wote?*
Hapana. Mwandikie mwenyekiti, nakala kwa katibu, na umwombe katibu muhtasari. Kama kulikuwa na ajenda ya kuwasilisha wewe, ambatisha taarifa yako palepale.

*Hii ni mara ya pili kumkosa mtu yuleyule.*
Mpigie simu kwanza. Barua pepe ifuate kuthibitisha saa mliyokubaliana, na safari hii achague yeye mahali.